Usiniambie tetemeko lina ukubwa gani, niambie umesimama juu ya nini

Wadau, leo nataka kugusa jambo ambalo magazeti yetu huliruka kila ardhi inapotikisika. Utaona habari ya tetemeko inaandikwa kwa mtindo uleule: ukubwa wake ulikuwa kadhaa, kitovu kilikuwa kilomita kadhaa kutoka mji fulani, waliokufa kadhaa, nyumba zilizoanguka kadhaa. Halafu basi. Msomaji anabaki anaamini kwamba tetemeko ni kama bomu, aliye karibu anaumia na aliye mbali anapona.

Sivyo. Kuna kitu cha tatu ambacho mara nyingi ndicho kinachoamua nani analala ndani ya nyumba yake usiku huo na nani anafukuliwa kwenye kifusi. Nacho ni udongo ulio chini ya msingi. Msimamo wangu ni kwamba habari ya tetemeko isiyosema lolote kuhusu udongo ni nusu habari, na kwamba mtu anayejenga ghorofa bila kuujua udongo wake kwa kina cha mita 30 anacheza bahati nasibu na maisha ya wapangaji wake.

Mfano mzuri kuliko yote uko mbali na kwetu, uko Meksiko. Naomba tukae hapo kidogo.

Tarehe 19 Septemba 1985, saa moja na dakika 17 asubuhi, tetemeko lenye ukubwa wa 8 lilitokea kwenye pwani ya Pasifiki, upande wa jimbo la Michoacán. Jiji la Meksiko liko zaidi ya kilomita 350 kutoka pale. Kwa umbali huo watu walipaswa kuhisi bembea kidogo, kushtuka, na kuendelea na chai yao. Badala yake mamia ya majengo yaliporomoka na maelfu ya watu wakafa. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, lakini hakuna anayebisha kwamba ni maelfu.

Sasa sikiliza sehemu inayoshangaza. Ndani ya jiji hilohilo kulikuwa na mashine za kunasa mtikisiko katika sehemu mbalimbali. Moja ilikuwa kwenye eneo la Chuo Kikuu, kusini mwa jiji, ambako ardhi ni ngumu, ni lava iliyopoa. Nyingine ilikuwa kwenye viwanja vya wizara ya mawasiliano na uchukuzi, mahali ambapo wataalamu wanapaita kwa herufi tatu, SCT. Pale chini ni udongo laini. Sehemu hizi mbili haziko mbali, ukilinganisha na zile kilomita 350 ambazo mawimbi yalikuwa yameshasafiri.

Chuo Kikuu mashine ilinasa mchapuko wa juu kabisa wa kama asilimia 3.5 ya mvutano wa dunia. SCT ikanasa asilimia 17. Tetemeko moja, jiji moja, asubuhi moja, lakini mmoja katikiswa karibu mara tano zaidi ya mwenzake. Na hiyo mara tano ni hesabu ya juujuu tu. Kwa majengo ya aina fulani tofauti ilikuwa kubwa zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Jiji la Meksiko limejengwa juu ya ziwa. Waazteki walijenga mji wao wa Tenochtitlan kwenye kisiwa ndani ya ziwa Texcoco. Wahispania walipouteka mwaka 1521 wakajenga mji wao hapohapo, na baadaye maji yakaondolewa kidogo kidogo kwa karne kadhaa. Ziwa likaisha, tope lake likabaki. Ni mfinyanzi wa ajabu uliotokana kwa sehemu na majivu ya volkano, wenye maji mengi kiasi kwamba ukichukua bonge lake ukalikausha, uzito wa maji yaliyotoka unazidi mara kadhaa uzito wa udongo uliobaki. Juu ya tope hilo ndipo ghorofa zikapandishwa.

Je, tope linafanya nini wimbi la tetemeko likifika? Kuna mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha.

La kwanza ni mwendo. Mawimbi yanayobomoa nyumba kwa kawaida ni yale yanayotikisa ardhi kwenda upande na upande. Ndani ya mwamba imara yanakimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Ndani ya mfinyanzi wa Meksiko yanatambaa kwa mita 75 hivi kwa sekunde. Sasa, nguvu iliyobebwa na wimbi haipotei kwa sababu tu limepunguza mwendo. Fikiria msafara wa magari kwenye lami unaoingia barabara ya vumbi: wa mbele wanapunguza, wa nyuma wanakuja, magari yanabanana. Wimbi nalo likipunguza kasi linabanana, na njia pekee ya kubeba nguvu ileile ni kutikisa ardhi kwa upana zaidi. Ukiacha tofauti ya uzito wa udongo na mwamba, kasi ikishuka mara 16 upana wa mtikisiko unapanda mara 4. Hiyo ni kabla ya kuja jambo la pili.

Jambo la pili ni mbembeo. Wimbi likishaingia kwenye tope linapanda hadi juu ya ardhi, linagonga na kurudi chini. Likifika kwenye mwamba, sehemu kubwa inashindwa kutoka, inarudishwa tena juu. Limenaswa, kama sauti ndani ya pipa. Likigonga juu ya ardhi linarudi vilevile, lakini likigonga mwamba linarudi limegeuka, lililokuwa linasukuma kulia sasa linasukuma kushoto. Ndiyo maana linahitaji safari nne, kupanda na kushuka mara mbili, ili lirudie hali yake ya mwanzo. Kwa hiyo kila tabaka la udongo lina mbembeo wake wa asili, na kanuni yake ni fupi kuliko nyingi tulizokariri sekondari:

T = 4H / V

T ni sekunde za mbembeo mmoja kamili, H ni unene wa udongo laini kwa mita, na V ni kasi ya wimbi ndani yake. Pale SCT, chukua unene wa mita 38 na kasi ya mita 76 kwa sekunde. Nne mara 38 ni 152, gawanya kwa 76, unapata sekunde 2. Na ukiangalia mchoro wa mashine ya SCT ya mwaka 1985 utaona mawimbi yamepangana kama meno ya msumeno, kila moja sekunde 2, yanakwenda na kurudi kwa muda mrefu. Ardhi ilikuwa inabembea kama bakuli la maziwa mgando lililogongwa pembeni.

Mtoto kwenye bembea humsukumi wakati wowote tu. Unamsubiri arudi, unamsukuma, unamsubiri tena. Msukumo mdogo uliopangwa vizuri unamfikisha juu kuliko teke moja kubwa. Ghorofa nalo lina mbembeo wake. Kwa makadirio ya haraka ambayo wahandisi huyatumia, kila ghorofa moja ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde: ghorofa 3 ni sekunde 0.3, ghorofa 10 ni sekunde 1 hivi. Jengo likianza kupasuka linalegea, na likilegea mbembeo wake unakuwa mrefu zaidi. Kwa hiyo jengo la ghorofa 10 au 12 lililoanza na sekunde 1 na ushee lilikuwa linaifuata ardhi kuelekea zile sekunde 2. Kila ufa ulilisogeza karibu na kifo chake. Kwa jengo ambalo mbembeo wake ulikuwa sekunde 2 kamili, msukumo wa ubavuni ulikaribia uzito wa jengo lenyewe. Nani anajenga nyumba ya kuhimili kulazwa ubavu?

Ndiyo maana walioumia zaidi walikuwa majengo ya kati, ya ghorofa kama 6 hadi 15. Nyumba nyingi za zamani za mawe, fupi na nene, zilibaki zimesimama katikati ya vifusi. Na Torre Latinoamericana, mnara wa ghorofa 44 uliokamilika mwaka 1956, ulisimama pale katikati ya jiji, juu ya tope lilelile. Mbembeo wake ulikuwa mrefu kuliko wa ardhi, na waliousanifu walikuwa wameuchunguza udongo kabla ya kujenga. Wale wanaosema ghorofa refu ndilo la hatari na fupi ndilo salama, wakaangalie picha za asubuhi ile. Swali la maana ni kama urefu wa jengo unalingana na mbembeo wa udongo wake.

Kutokana na matukio kama hayo, pamoja na lile la Loma Prieta kule Kalifornia tarehe 17 Oktoba 1989, ambapo sehemu ya barabara ya ghorofa ya Cypress mjini Oakland iliyosimama juu ya tope la ghuba ilianguka na kuua watu 42, wahandisi walikubaliana kuziweka ardhi kwenye madaraja. Kipimo chao kinaitwa Vs30, yaani kasi ya wastani ya yale mawimbi ya ubavuni katika mita 30 za juu. Kwa mfumo wa Kimarekani uliotumika kwa miaka mingi, zaidi ya mita 1,500 kwa sekunde ni daraja A, mwamba mgumu hasa. Kati ya 760 na 1,500 ni B. Kati ya 360 na 760 ni C. Kati ya 180 na 360 ni D. Chini ya 180 ni E, udongo laini. Halafu kuna F, ambayo ni udongo wa matatizo, kama mchanga unaoweza kugeuka uji ukitikiswa, na huo hauruhusiwi kukadiriwa kwa jedwali, lazima uchunguzwe peke yake.

Hapa kuna mtego mmoja ambao nataka msomaji aujue, kwa sababu ndipo ujanja unapoweza kupita. Wastani huo hauhesabiwi kwa kujumlisha kasi na kugawa. Unahesabiwa kwa muda. Unauliza: wimbi linatumia sekunde ngapi kupita mita zote 30? Tuchukue kiwanja chenye mita 10 za mfinyanzi, kasi yake mita 100 kwa sekunde, na chini yake mita 20 za mwamba wa mita 1,000 kwa sekunde. Mfinyanzi unachukua sekunde 0.10. Mwamba unachukua sekunde 0.02. Jumla sekunde 0.12. Mita 30 gawanya kwa 0.12 ni mita 250 kwa sekunde. Daraja D.

Mtu wa wastani wa kawaida angesema mita 10 zina 100, mita 20 zina 1,000, kwa hiyo wastani ni 700. Daraja C, karibu kabisa na mwamba! Kiwanja kilekile kimepanda daraja kwa kalamu tu. Ukiletewa ripoti ya udongo, angalia hesabu hiyo kwanza. Tabaka laini lazima liwe na sauti kubwa kuliko unene wake, kwa sababu ndilo linalolichelewesha wimbi.

Na hata ukihesabu vizuri, daraja halimalizi mazungumzo. Kiwanja chetu cha mita 250 kina tope la mita 10 tu, kwa hiyo mbembeo wake ni 4 mara 10 gawanya kwa 100, yaani sekunde 0.4. Hapo anayeogopa ni mwenye ghorofa 4. Sasa chukua kiwanja kingine chenye udongo wa mita 250 kwa sekunde kuanzia juu hadi kina cha mita 100. Vs30 yake ni ileile 250, daraja lilelile D. Lakini mbembeo wake ni 4 mara 100 gawanya kwa 250, sekunde 1.6. Hapo anayeogopa ni mwenye ghorofa 15. Karatasi zao zinafanana, hatari zao hazifanani. Kanuni za Ulaya zimelijua hili, ndiyo maana ziliweka daraja la pekee kwa udongo laini wa mita 5 hadi 20 uliokaa juu ya kitu kigumu. Mimi nasema ripoti yoyote ya udongo iandike vitu viwili, daraja na sekunde za mbembeo. Herufi peke yake haitoshi.

Meksiko wenyewe walipata somo la pili. Tarehe 19 Septemba 2017, siku ileile ya mwaka, miaka 32 baadaye, saa chache baada ya zoezi la kukumbuka la 1985, tetemeko jingine likaja. Hili lilikuwa la ukubwa wa 7.1, lakini kitovu chake kilikuwa kilomita 120 hivi kutoka jijini. Watu 369 walikufa, 228 kati yao ndani ya jiji. Safari hii mawimbi yalibeba mitikisiko mifupi mifupi zaidi, na yakaupata udongo wa mbembeo mfupi kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa la zamani, ambako tope ni jembamba. Mitaa kama Roma na Condesa ikaumia, na majengo mengi yaliyoanguka yalikuwa mafupi kuliko yale ya 1985. Jengo lililopona mara ya kwanza halikuwa na cheti cha kupona mara ya pili. Kila tetemeko linakuja na wimbo wake, na kila kiwanja kinachagua wimbo wa kucheza.

Nisije nikaeleweka vibaya. Tope la Meksiko ni la pekee kwa namna linavyovumilia kutikiswa bila kulegea. Udongo mwingi ukitikiswa kwa nguvu sana, karibu na kitovu, unaanza kukubali na kumeza sehemu ya nguvu, kwa hiyo hauongezi mara tano. Mara nyingine unaongeza kidogo tu. Udongo laini unaongeza zaidi pale mtikisiko wa mwamba ulipo mdogo au wa wastani. Na kukaa juu ya mwamba siyo kinga ya kila kitu, kilele cha mlima nacho huweza kutikiswa zaidi ya bonde, na nyumba mbovu itaanguka popote.

Lakini hebu angalia hapo tena: udongo unaongeza zaidi mtikisiko ukiwa mdogo au wa wastani. Hiyo ndiyo hali yetu sisi! Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Lile la tarehe 12 Agosti 2020 lililotokea baharini likawakimbiza watu wa Dar es Salaam nje ya majengo yao lilikuwa karibu na 6. Julai 2007 mitikisiko ya upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai iliwatoa watu maofisini hadi Nairobi. Na miji yetu imekaa wapi? Bujumbura imekaa kwenye uwanda wa Rusizi, juu ya mashapo ya mto na ziwa, ndani ya Bonde la Ufa. Bukoba ina vilima na ina bonde la mto Kanoni. Dar es Salaam ina bonde la Msimbazi likipita katikati yake. Kilima na bonde ndani ya mji mmoja siyo ardhi moja.

Wapo watakaosema vipimo hivi ni vya nchi tajiri. Si kweli. Kile kipimo cha nyundo ambacho wachimbaji wa visima vya uchunguzi wanakifanya kila siku, nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76, kinatosha kuanzia. Unahesabu mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba sentimita 30. Wastani wa mita 30 ukiwa chini ya mapigo 15 uko daraja E, kati ya 15 na 50 ni D, zaidi ya 50 ni C. Kwa jengo dogo hiyo ni mwanga wa kutosha. Kwa ghorofa kubwa pima kasi yenyewe: unapanga vinasa mtikisiko kwenye mstari, unagonga bamba la chuma kwa nyundo, unasoma mawimbi yalivyosafiri. Ni kazi ya siku moja au mbili. Tatizo ninaloliona ni kwamba uchunguzi mwingi unasimama mara tu fundi anapofika kwenye udongo unaobeba uzito. Swali la je, nyumba itazama, linajibiwa. Swali la je, udongo huu unabembea kwa sekunde ngapi, halijaulizwa.

Kwa hiyo wenzangu wa vyumba vya habari, tetemeko likitokea tena, tuwapigie wanajiolojia tuwaulize nyumba zilizoanguka zilikuwa juu ya nini na zilizosimama zilikuwa juu ya nini. Na wewe unayenunua au kupanga kwenye ghorofa jipya, muulize mwenye jengo maswali mawili tu: daraja la udongo ni lipi, na mbembeo wake ni sekunde ngapi? Akikuonyesha marumaru na lifti badala ya jibu, utakuwa umeshajibiwa.

Haya, uwanja ni wenu. Wahandisi na wanajiolojia mnaopita hapa kijiweni, mwageni maoni, na nilipokosea nisahihisheni. Alamsiki.